SOMO: Kontrola imeandikwa MPPT, lakini je, ni MPPT kweli?

Kwenye maduka ya sola ya Arusha na Moshi utakuta kontrola za bei ya chini zenye herufi MPPT ubavuni. Nyingi ndani yake ni PWM tupu. Kwa paneli ndogo hutaona tofauti. Kwa paneli kubwa ya seli 60 kwenye betri ya volti 12, utapoteza nusu ya umeme uliolipia.

PWM ni swichi tu. Inapofunga, paneli imeunganishwa moja kwa moja na betri, kwa hiyo volti za paneli zinashuka hadi zile za betri. Ampea zinapita zilivyo, na volti za ziada hazifanyi kazi yoyote. MPPT ya kweli huiacha paneli kwenye volti zake nzuri, kisha inazishusha na kuongeza ampea upande wa betri. Kipimo chetu kinatumia tofauti hiyo.

Hatua ya 1. Soma kibandiko nyuma ya paneli, mahali palipoandikwa Vmp na Imp, yaani volti na ampea za paneli inapotoa nguvu nyingi kabisa. Ikiwa Vmp ni kama 18, hiyo ni paneli ya seli 36. Ikiwa ni 30 au 31, ni ya seli 60. Usihesabu vipande kwa macho, maana paneli mpya za seli zilizokatwa nusu zitakuchanganya.

Hatua ya 2. Hakikisha betri haijajaa. Tumia taa na redio jioni, upime kesho yake saa nne au saa tano asubuhi, jua likiwa wazi. Hapa ndipo wengi wanapodanganyika: betri ikikaribia kujaa, PWM huanza kufungua na kufunga haraka haraka, na multimita itakuonyesha wastani wa volti za juu upande wa paneli. Utadhani umeona MPPT.

Hatua ya 3. Pima volti kwenye skrubu za paneli, halafu kwenye skrubu za betri. Kisha pima ampea za kila upande kwa klampu mita inayosoma DC. Klampu nyingi za rahisi zinasoma AC pekee, kwa hiyo iangalie kabla hujalipa. Zima mzigo wote wakati wa kupima.

Hatua ya 4. Linganisha. Chukua duka la Usa River lenye paneli ya wati 250 (Vmp 31, Imp 8) na betri ya 12V 100Ah. Kontrola ikiwa PWM, utasoma paneli volti 13.4 na ampea 8, betri volti 13.2 na ampea 8 zile zile. Hizo ni wati 106 hivi. Ikiwa MPPT, paneli itasoma kama volti 27, kwa sababu joto limezishusha, na ampea 8; betri volti 13.2 na ampea 15.5. Hapo unapata wati 205. Ampea zikilingana pande zote mbili na volti pia zikikaribiana, rudisha kontrola dukani.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Himo: Shikamoo fundi. Nina paneli ya wati 50, Vmp 18, na betri ya volti 12. Ninunue MPPT?

Marahaba. Hapana. Huko kwenu paneli ikipigwa jua seli zinafika nyuzi 60 bila shida, na Vmp inashuka hadi kama 15.5. Kwa ampea 2.8, PWM inakupa wati 37 na MPPT wati 41. Kwa wati nne, hela hiyo iongezee kwenye betri.

Mwanachama, Kibosho: Kwetu mawingu ni mengi. MPPT itasaidia?

Wingu linapunguza ampea sana, volti kidogo tu. Kwa paneli ya seli 60, faida ya karibu mara mbili inabaki, ila ni mara mbili ya kitu kidogo. Jua lisilokuwepo hakuna kontrola itakayolileta.

Mwanachama, Sakina: Mkuu, naweza kufunga ile ya wati 250 kwenye PWM kwa muda nikitafuta hela?

Angalia kwanza volti za juu ambazo kontrola inaruhusu upande wa paneli. Paneli hiyo isipobeba mzigo inafika volti 38, na asubuhi ya baridi ya Julai huzidi hapo. PWM ndogo za volti 12 zinazoishia volti 25 zitaungua. Ikiwa yako inaruhusu 50, funga, ukijua unapata wati mia na kidogo. Anza na nyaya za betri, za paneli zifuate. Ukifungua, za paneli zitangulie.

Mwanachama, Moshi mjini: Na paneli ya Vmp 18 kwenye betri za volti 24, MPPT si itapandisha?

Hizi za kawaida zinashusha tu, hazipandishi. Unganisha paneli mbili mfululizo upate 36, hapo itachaji.