Meya akikataza maandamano: namna ya kuipima barua yake, Lubumbashi na Goma

Barua za kukataza maandamano zinafanana sana huku kwetu Kongo: mistari mitatu au minne, saini, kashe, na maneno "kwa sababu za usalama". Kamati nyingi za kartie zikiipokea barua ya namna hiyo, ama zinakunja mabango na kurudi nyumbani, ama zinatoka barabarani bila kujibu neno. Vijana wanaofanya stazi ofisini kwangu Lubumbashi ninawafundisha njia nyingine. Wanaipima barua hatua kwa hatua, kisha wanaijibu kwa maandishi siku ileile.

Tufanye kazi na mfano mmoja wa kutunga. Kamati ya wakaaji wa komini ya Katuba wamechoka na mabomba makavu. Wanamwandikia meya kwamba Jumamosi saa tatu asubuhi watatembea kwa miguu, watu kama 200, mpaka meri, wakabidhi barua ya malalamiko, kisha watawanyike. Siku mbili kabla, jibu linafika: "Maandamano yote mjini yamekatazwa mpaka itakapotangazwa vingine, kwa sababu za usalama."

Hatua ya 1: Kusanya karatasi

Unahitaji karatasi mbili: kopi ya barua ya kamati yenye akize, yaani kashe na tarehe ya kupokelewa, na barua ya katazo yenyewe. Katazo la mdomo lililoletwa na polisi usiku lisiachwe hivihivi. Iandikie meri leoleo: "Tumeambiwa na maofisa wako kwamba... Tunaomba uamuzi huo kwa maandishi pamoja na sababu zake." Wasiporudisha jibu, ukimya wao utakusaidia mbele ya jaji, maana kizuizi kisicho na sababu iliyoandikwa hakina cha kupimwa.

Hatua ya 2: Uliza uko chini ya utawala gani wa sheria

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Haki inaweza kubanwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni mipaka ya kawaida: haki inabaki hai, ila sheria inaiwekea masharti. Ya pili ni kuisimamisha haki kwa muda, jambo linalowezekana tu pale ambapo rais ametangaza hali ya dharura au hali ya dharura ya kijeshi, ile watu wa Goma na Bunia waliyozoea kuiita eta de siyeji.

Lubumbashi haimo katika tangazo la namna hiyo. Basi meya akiandika "hali ya usalama ni tete, kwa hiyo haki hii imesimama", amechukua mamlaka ya njia ya pili bila kupita mlango wake. Liandike hilo katika mstari wa kwanza wa hoja zako, halafu endelea na njia ya kwanza.

Hatua ya 3: Tafuta sheria inayobeba katazo

Kenya wana kifungu cha 24 cha Katiba yao ya 2010, kinachoeleza mahali pamoja namna haki zote zinavyoweza kuwekewa mipaka. Afrika Kusini wana kifungu cha 36. Katiba yetu ya Februari 18, 2006 haina kifungu cha jumla kama hicho. Mpaka wa kila haki umo ndani ya kifungu cha haki yenyewe, kwa hiyo soma kifungu chako neno kwa neno.

Kwa maandamano ni kifungu cha 26. Kinahakikisha uhuru wa kuandamana, na kuhusu barabara na mahali pa wazi kinawadai waandaaji jambo moja: kumjulisha kwa maandishi kiongozi wa utawala anayehusika. Hakitaji ruhusa. Utasikia ofisini wakikutolea amri-sheria ya Januari 29, 1999, iliyodai ruhusa kabla kwa maandamano ya mahali pa umma. Jibu lake ni kifungu cha 221: sheria za zamani zinaendelea kutumika pale tu ambapo hazipingani na Katiba. Sharti la ruhusa linapingana na kifungu cha 26, basi haliwezi kusimama.

Je, meya hana nguvu yoyote? Anayo. Akijulishwa, kazi yake ni kupanga polisi, kuzungumza na waandaaji juu ya njia na saa, na hatari ya kweli ikionekana, kuchukua hatua. Lakini hatua hiyo lazima ipite katika mizani inayofuata.

Hatua ya 4: Pima uwiano

Mizani yenyewe inatoka katika mikataba, ambayo kwa kifungu cha 215 ina nguvu kuliko sheria za kawaida. Kifungu cha 21 cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa kinakubali vizuizi vilivyo katika sheria na vilivyo vya lazima katika jamii ya kidemokrasia, kwa malengo kinayoyataja: usalama wa taifa, usalama wa watu, utulivu wa umma, afya, maadili, na haki za wengine. Nayo Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilisema mwaka 1998, katika kesi za waandishi wa habari dhidi ya Nigeria, kwamba kizuizi cha haki kinapaswa kuwa na uwiano kamili na faida inayotafutwa.

Anza na lengo. "Usalama" ni lengo halali, usipoteze nguvu kulikana. Muulize meya hatari gani, kutoka kwa nani, wapi, siku gani. Barua yetu ya mfano haisemi.

Kisha uliza kama katazo linafikisha kwenye lengo hilo. Tuseme meya anajieleza mbele ya jaji kwamba katika maandamano mengine vijana walipora maduka ya katikati ya mji. Sawa, kuwazuia watu kukusanyika karibu na maduka kunaweza kupunguza uporaji. Swali hili mara nyingi serikali inalipita bila shida. Usikae hapo.

Kaa kwenye ulazima: je, palikuwa na njia nyepesi zaidi ambayo ingefikisha kwenye lengo lilelile? Hapa ndipo kesi nyingi zinashinda au kushindwa, na ndipo kamati inapaswa kuja na vitu vya mkononi. Kwa Katuba tungeandika hivi: tuko tayari kupita barabara isiyo na maduka, tuko tayari kuanza saa moja asubuhi, kabla maduka hayajafunguliwa, tutakuwa na vijana 20 wa kulinda mstari, wenye vitambaa vya njano mkononi, tukiambiwa polisi hawatoshi Jumamosi, tunakubali Jumatatu. Kila pendekezo ambalo meya hakulijibu linaonyesha kwamba alirukia kizuizi kizito bila kujaribu chepesi. Na hapa katazo lake ni zito kupita yote: linagusa maandamano yote, mji mzima, bila tarehe ya mwisho. Katazo la jumla namna hiyo karibu kila mara linaanguka kwenye swali hili, kwa sababu halikuangalia maandamano haya na watu hawa.

Mwisho linganisha uzito wa pande mbili. Upande mmoja, watu 200 wasio na maji wananyimwa njia waliyobaki nayo ya kusikika. Upande wa pili, hatari ambayo hakuna aliyeieleza. Ukifika hapa na hoja za ulazima zimekaa vizuri, aya moja inatosha.

Hatua ya 5: Andika

Barua isizidi ukurasa mmoja na nusu. Kiini chake:

"Mheshimiwa Meya, uamuzi wako hautaji sheria unayoitegemea wala hatari unayoihofia. Kifungu cha 26 cha Katiba kinatudai kukujulisha, nasi tulikujulisha. Kopi yenye akize iko hapa. Katazo linahusu maandamano yote bila mwisho, ilhali njia nyingine, saa nyingine au ulinzi wa polisi vingetosha. Tunaomba uufute uamuzi huo kabla ya Ijumaa jioni, au utuonyeshe njia na saa unayoikubali."

Akikataa au akinyamaza, avoka aende kwa jaji wa mambo ya utawala. Sheria ya 2016 juu ya korti za utawala imeweka ombi la haraka la kulinda uhuru, ambalo sisi avoka tunaliita refere-liberte.

Hatua ya 6: Barua hiyohiyo ikitoka Goma

Tuiweke mwaka 2022, kabla M23 haijauchukua mji Januari 2025. Tangu Mei 6, 2021 Kivu ya Kaskazini na Ituri zilikuwa chini ya hali ya dharura ya kijeshi, na amri ya rais iliwapa viongozi wa kijeshi uwezo wa kusaka nyumba usiku na mchana na kukataza mikutano wanayoona inaweza kuleta vurugu. Hapa njia ya pili imefunguka, kwa hiyo maswali yanabadilika.

Kwanza hesabu siku. Kifungu cha 144 cha Katiba kinatoa siku 30, kisha nyongeza za siku 15 kila mara, zilizokubaliwa na Bunge na Seneti. Angalia tarehe ya katazo na uulize kama siku hiyo palikuwa na nyongeza halali. Angalia pia kama mahali pamo ndani ya tangazo: Bukavu haikuwamo, na afisa wa Kivu ya Kusini hakuweza kuliegemea.

Pili soma kifungu cha 61, orodha ya haki zisizosimamishwa hata katika dharura: uhai, kutoteswa, kutotiwa utumwani, kutohukumiwa kwa kosa lisilo katika sheria, haki ya kujitetea na kukata rufani, kutofungwa kwa deni, na uhuru wa mawazo na dini. Maandamano hayamo. Tukubali hivyo waziwazi. Lakini haki ya rufani imo, kwa hiyo hata chini ya dharura katazo linaweza kupelekwa kwa jaji. Na uhai umo. Agosti 30, 2023 askari walifyatua risasi Goma dhidi ya watu waliojiandaa kuandamana kuipinga MONUSCO, na zaidi ya 50 wakauawa. Hakuna katazo la maandamano linaloweza kubeba kitendo hicho. Korti ya kijeshi iliwahukumu wanajeshi kwa ajili yake.

Tatu, uwiano haufi. Kifungu cha 4 cha ule Mkataba wa Kimataifa kinaruhusu kusimamisha haki kwa kiwango kile tu kinachodaiwa na hali yenyewe. Vita vya Masisi au Rutshuru vinaweza kueleza kwa nini mkusanyiko wa usiku barabarani ukatazwe. Havielezi vyenyewe kwa nini watu 50 wasisimame mchana mbele ya meri kudai maji. Uhusiano kati ya hatari na katazo lazima uonyeshwe. Nao Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu hauna kabisa kifungu cha kusimamisha haki. Tume ilisema hivyo mwaka 1995 katika kesi dhidi ya Chadi, nchi iliyokuwa imejitetea kwa vita vya ndani.

Utajibiwa kwamba Korti ya Katiba ilishapitisha amri za rais. Ni kweli kwamba kifungu cha 145 kinaipa kazi hiyo, mara tu amri inapotiwa saini. Lakini Korti ilipima amri ya rais. Haikupima barua ya meya iliyoandikwa mwaka mmoja baadaye juu ya mabomba ya kartie fulani. Kwa hiyo katika barua ya Goma, badala ya aya ya kifungu cha 26, weka aya inayotaja amri ya rais, tarehe ya nyongeza iliyokuwa inatumika, na swali moja: hatari gani ya vita inazuiwa kwa kutukataza sisi, Jumamosi hii, saa tatu asubuhi? Peleka kopi kwa gavana wa kijeshi, na uombe akize kwenye kila kopi.