Chora mwenyewe grafu ya himoglobini: kwa nini damu ya mtoto aliye tumboni huishinda ya mama yake kushika oksijeni

Wanafunzi wengi wa uuguzi na udaktari hukariri kwamba himoglobini ya kijusi "hushika zaidi", kisha hukwama wakiulizwa swali moja tu: kama inashika sana, inaiachiaje oksijeni mtoto aitumie? Jibu hujitokeza lenyewe ukiichora grafu kwa mkono wako. Tafuta karatasi ya mistari, penseli mbili za rangi tofauti na kikokotoo chenye kitufe cha vipeo. Simu ukiilaza ubavu, mara nyingi kikokotoo chake huonyesha kitufe hicho.

Hatua ya 1: Ijue molekuli kabla ya kugusa penseli

Himoglobini ya mtu mzima, HbA, imeundwa na minyororo minne ya protini. Miwili ni ya alfa, kila mmoja una asidi amino 141, na miwili ni ya beta, kila mmoja una 146. Ndani ya kila mnyororo mna kisahani kiitwacho hemu, na katikati ya hemu imekaa atomu moja ya chuma. Oksijeni hushikwa hapo kwenye chuma, kwa hiyo molekuli nzima hubeba oksijeni nne.

Minyororo hii minne haifanyi kazi kila mmoja kivyake. Max Perutz, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1962 kwa kuchora umbo la himoglobini, alikuja kueleza kinachotokea: oksijeni inapotua, chuma husogea kidogo sana kuingia katika usawa wa hemu, na msogeo huo huuvuta mnyororo ulioishika. Mnyororo mmoja ukivutwa, wenzake hulegezwa pia. Molekuli isiyo na oksijeni imekazwa, na umbo hilo huitwa T. Iliyojaa imelegea, na umbo lake huitwa R. Umbo la T hupokea oksijeni kwa shida, la R huipokea kwa urahisi. Ndiyo maana oksijeni ya kwanza huingia kwa taabu na zinazofuata hazisumbui.

Kumbuka jambo moja zaidi, maana tutalirudia katika hatua ya 4: molekuli ikiwa katika umbo la T, kati ya minyororo miwili ya beta hubaki upenyo. Ikiingia umbo la R, upenyo huo hubanwa.

Hatua ya 2: Chora mstari wa mtu mzima

Mstari wa chini uwe shinikizo la oksijeni, kuanzia 0 hadi 100 mmHg. Mstari wa wima uwe asilimia ya himoglobini iliyojaa, kuanzia 0 hadi 100. Kisha tumia kanuni ya Hill:

```
S = 100 × P^n / (P50^n + P^n)
```

P ni shinikizo la oksijeni. P50 ni shinikizo ambalo nusu ya himoglobini imejaa, na kwa mtu mzima weka 27. Kipeo n huonyesha jinsi minyororo inavyosaidiana, na hapa weka 2.7. Ukikokotoa utapata hivi: kwenye 20 mmHg imejaa 31%, kwenye 27 ni 50%, kwenye 40 ni 74%, kwenye 60 ni 90% na kwenye 100 ni 97%. Unganisha nukta hizo kwa mkono mwepesi, uanzie sifuri.

Ukipata mstari ulionyooka mwanzoni badala ya kupinda kama herufi S, huenda umesahau kipeo na kuweka n kuwa 1. Kosa hilo lina maana yake: hivyo ndivyo protini yenye mnyororo mmoja, kama mioglobini ya misuli, inavyoshika oksijeni. Kanuni hii pia hupoteza usahihi kwenye ncha mbili za mstari, kwa hiyo usiitegemee sana chini ya 15% wala karibu na 100%.

Tazama umbo ulilochora. Kuanzia 60 hadi 100 mstari umelala, kwa hiyo mapafu yakilegea kidogo damu bado hujaa. Chini ya 40 ni mteremko mkali, na shinikizo likishuka kidogo tu, oksijeni nyingi huachiwa.

Hatua ya 3: Sogeza mstari kulia, upime faida na hasara

Asidi, kabonidioksidi, joto na kemikali iitwayo 2,3-BPG huusogeza mstari kulia. Chukua msuli unaofanya kazi, pH yake ikishuka kutoka 7.4 hadi 7.2. P50 hupanda na kufika karibu 34. Rudia hesabu kwa 34: kwenye 40 mmHg unapata 61% badala ya 74%, na kwenye 100 mmHg unapata 95% badala ya 97%. Yaani kwenye mapafu umepoteza asilimia 2, lakini kwenye tishu umeachia asilimia 13 zaidi. Biashara hiyo ina faida kwa sababu mstari umelala juu na umeinama chini.

Hapa ndipo wengi hukosea. Huona P50 imepanda, wakadhani nguvu ya kushika nayo imepanda. Ni kinyume. P50 kubwa maana yake himoglobini inadai shinikizo kubwa zaidi ndipo ijae nusu, kwa hiyo inashika kwa ulegevu. Kulia huachia, kushoto hushika.

Mfano mbaya wa kushoto ni moshi wa jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa. Monoksidi ya kaboni hukalia nafasi za oksijeni, na papo hapo huzifanya nafasi zilizobaki zikatae kuachia zilichonacho. Kipimo cha kidoleni hakiwezi kuitenganisha na oksijeni, kwa hiyo kitaonyesha namba nzuri kwa mgonjwa anayekufa. Usikiamini katika hali hiyo.

Hatua ya 4: Tafuta mahali 2,3-BPG inapokaa

Seli nyekundu hutengeneza 2,3-BPG zinapovunja glukosi, na kiasi chake ni takriban milimoli 5 kwa lita ya seli, karibu molekuli moja kwa kila himoglobini. Mwaka 1967 Reinhold na Ruth Benesch walionyesha kwamba kemikali hiyo huipunguzia himoglobini nguvu ya kushika oksijeni.

Hufanya hivyo kwa kuingia kwenye ule upenyo kati ya minyororo ya beta. BPG ina chaji hasi nyingi. Kuta za upenyo zina chaji chanya: kila beta hutoa mwanzo wa mnyororo wake, histidini ya nafasi ya 2, lisini ya nafasi ya 82 na histidini ya nafasi ya 143. BPG hukaa katikati kama kabari na kuishikilia molekuli katika umbo la T. Ili oksijeni iingie, lazima kabari itoke kwanza.

Himoglobini ya kijusi, HbF, haina beta. Ina minyororo miwili ya alfa na miwili ya gama. Gama inafanana sana na beta, lakini kwenye nafasi ya 143 ina serini badala ya histidini, na serini haina chaji. Kwa kuwa gama ni mbili, upenyo umepoteza vishikio viwili vya chaji chanya. BPG inateleza, kabari haikai vizuri, na molekuli huhamia umbo la R kwa urahisi zaidi.

Kwa hiyo usiandike kwenye mtihani kwamba hemu ya kijusi ina nguvu zaidi. Hemu ni ileile. Ukiziosha himoglobini zote mbili mpaka BPG iishe, HbF haishiki tena kuliko HbA. Tofauti yote ipo kwenye kabari.

Hatua ya 5: Chora mstari wa kijusi, kisha kokotoa kwenye kondo la nyuma

Chukua penseli ya rangi ya pili. Weka P50 kuwa 20, n ibaki 2.7. Damu inayotoka kwenye kondo kwenda kwa mtoto kupitia vena ya kitovu ina takriban 30 mmHg tu. Kwenye shinikizo hilo HbF imejaa 75%, HbA ingejaa 57%.

Sasa geuza asilimia kuwa oksijeni halisi. Gramu moja ya himoglobini iliyojaa hubeba mililita 1.34. Mtoto mwenye gramu 17 kwa desilita ana nafasi ya mililita 22.8, na 75% yake ni mililita 17.1. Kwa HbA angepata 13.0. Mama mwenye gramu 12, ateri zake zikiwa na 97%, ana mililita 15.6. Kila desilita ya damu ya mtoto huyu, kwenye 30 mmHg, imebeba oksijeni nyingi kuliko damu ya ateri za mama anayepumua hewa safi.

Turudi kwenye swali la mwanzo. Damu inarudi kwenye kondo ikiwa na takriban 20 mmHg. HbF imeshuka kutoka 75% hadi 50%, imeachia asilimia 25. HbA ingeshuka kutoka 57% hadi 31%, asilimia 26. Kiasi kinachoachiwa kinakaribia kulingana! Zote mbili zipo kwenye mteremko. Tofauti ni akiba: mtoto mwenye HbF amebakiwa na nusu ya oksijeni yake, na akiba hiyo humfaa uchungu unapokaza na damu ya kondo kupungua kwa muda.

Kondo pia husaidia kwa njia yake. Mtoto anapompa mama kabonidioksidi, damu ya mama husogea kulia na kuachia, ya mtoto husogea kushoto na kushika, kwa wakati mmoja.

Lakini usiipe HbF sifa zote. Watoto wenye ugonjwa wa Rhesus huongezewa damu ya watu wazima wakiwa bado tumboni, mpaka HbF yao yote karibu ibadilishwe, na wengi huendelea kuishi. Wingi wa himoglobini na kasi ya mzunguko wa damu yao vina uzito mkubwa.

Hatua ya 6: Ipeleke grafu wodini

Tafuta 90% kwenye mstari wa wima, kisha shuka kwenye mistari yote miwili. Kwenye HbF utaangukia karibu 45 mmHg, kwenye HbA karibu 61. Kichanga njiti aliyezaliwa na HbF nyingi, akiongezewa damu ya mtu mzima mara kadhaa, mstari wake huhama kutoka ule wa HbF kuelekea ule wa HbA. Kipimo cha kidoleni kitasema 90% kabla na 90% baadaye, ilhali shinikizo la oksijeni kwenye ateri limepanda. Macho ya njiti huumizwa na oksijeni iliyozidi, kwa hiyo andika kwenye faili lake ameongezewa damu lini na kiasi gani, ili anayepokea zamu aisome ile namba akijua iko kwenye mstari upi.