Jinsi ya kupanga shiti ya oda za duka kabla hujahamia kwenye databesi

Tuchukue duka la vitenge Kariakoo ambalo oda zake nyingi zinaingia WhatsApp. Mteja wa Tabata anataka kitenge doti 3 na khanga doti 2, apelekewe na bodaboda. Wengi wanaandika yote hayo kwenye mstari mmoja, yaani kolamu ya bidhaa inasomeka "kitenge 3, khanga 2" afu pembeni jumla. Kwa macho inaeleweka ila siku ukitaka kujua umeuza vitenge vingapi mwezi huu hakuna fomula rahisi itakayokuhesabia, na databesi ndo kabisa haitajua ianzie wapi.

Hatua ya kwanza, fungua faili moja lenye shiti nne: wateja, bidhaa, oda na oda_bidhaa. Majina yaandike hivyohivyo bila nafasi katikati, maana ndo yatakuwa majina ya meza zako huko mbele. Kila mteja mpe namba yake kama M014, kila bidhaa B003, kila oda D0102. Usitumie namba ya simu kumtambulisha mteja, watu wanabadilisha laini, na mama na binti yake wanaweza wakaagiza kwa simu moja.

Hatua ya pili ndo yenye kazi. Shiti ya oda inabeba yale yanayotokea mara moja tu kwa oda nzima: oda_id, mteja_id, tarehe, nauli, hali. Bidhaa zenyewe zinakaa kwenye oda_bidhaa, kila bidhaa mstari wake. Oda ya mteja wetu wa Tabata itakaa hivi:

```
oda_id,bidhaa_id,idadi,bei
D0102,B003,3,18000
D0102,B007,2,12000
```

Kolamu ya E weka idadi mara bei, utapata 54,000 na 24,000. Jumla ya oda usiijaze kwa mkono, rudi shiti ya oda uweke fomula hii kwenye kolamu iliyo wazi:

```
=SUMIFS(oda_bidhaa!E:E,oda_bidhaa!A:A,A2)
```

Inakupa 78,000, ongeza nauli ya boda 5,000 anadaiwa 83,000.

Sasa bei. Ukiwa mjanja wa fomula utatamani bei ijivute yenyewe kutoka shiti ya bidhaa kwa VLOOKUP, tafadhali usifanye hivyo. Mwezi ujao kitenge kikipanda kufika 20,000 na ukabadilisha kule kwenye bidhaa, oda ya zamani nayo inabadilika, mteja aliyeshamaliza kulipa anaonekana anadaiwa 6,000 na wewe hukumbuki imetoka wapi. Bei ya kwenye bidhaa ni ya leo, ya kwenye oda_bidhaa ni ile mliyokubaliana siku ile pamoja na punguzo kama ulimpunguzia, kwa hiyo iandike kama namba na isiguswe tena.

Hatua ya tatu, ziandae kolamu kabla hujaanza kujaza. Ya simu kwenye shiti ya wateja iweke kwenye Text (Google Sheets wanaita Plain text), la sivyo 0754 inageuka 754 sifuri ikapotea. Kwenye bei andika 18000 tu, ukiandika 18,000/= shiti inaona ni maneno, kolamu ya E inatoa #VALUE! na SUM ya kolamu ya bei inairuka kimyakimya bila kukuambia. Utaigundua kwa sababu namba inalalia kulia kwenye seli na maneno yanalalia kushoto, ila kama ulishapanga mwenyewe kila kitu kikae katikati huwezi kuona. Kolamu ya tarehe nayo ipe muundo wa yyyy-mm-dd ili zionekane 2025-04-03, maana 03/04/2025 kompyuta nyingine inaisoma Machi 4. Hali ifanye ya kuchagua kwa Data validation: mpya, imetumwa, imefika, imefutwa, basi, kila mtu akiandika anavyojisikia utakuta "imefika" na "Imefka" ni vitu viwili.

Kabla ya kuhamisha, kagua kama kuna mstari wa oda_bidhaa ambao oda yake haipo. Kwenye oda_bidhaa weka hii kolamu ya F uivute mpaka chini:

```
=COUNTIF(oda!A:A,A2)
```

Kila mstari unatakiwa utoe 1. Ikitoka 0 oda hiyo haipo au umekosea kuandika namba, ikitoka 2 umeirudia oda_id kwenye shiti ya oda, na databesi itaikataa kama umeiambia oda_id isijirudie.

Mwisho futa kolamu za fomula, E na F na ile ya jumla, kwenye nakala ya faili sio lile lenyewe, afu hifadhi kila shiti kama CSV yake. Hiyo CSV usiibonyeze mara mbili ikafunguka Excel ukaihifadhi tena, sifuri za simu zitapotea upya. Kuingiza anza na wateja na bidhaa, halafu oda, oda_bidhaa iwe ya mwisho, kwa sababu kama umeiambia databesi ihakikishe kila oda_id ipo, mstari wa D0102 utakataliwa kama D0102 yenyewe haijaingia.