Kabla nta haijatoka Tabora: nani atalipa ikipotea njiani?

Lori lenye nta yako likishapita Nzega, umechelewa kuuliza. Maswali ya maana huulizwa mzigo ukiwa bado ghalani, na la kwanza si bei. Ni hili: huyu wakala aliyeahidi kuifikisha nta Hamburg anasafirisha yeye, au ananitafutia wa kusafirisha?

Anayekutafutia tu lori na nafasi melini huwajibika kwa makosa ya kazi yake mwenyewe, kama vile kujaza karatasi vibaya au kukuchagulia mwenye lori bila uangalifu. Magunia yakipotea njiani, atakuonyesha kwa mwenye lori, nawe huna la kumfanya. Msafirishaji hubeba dhamana ya mzigo wenyewe, tangu anapoupokea hadi anapoukabidhi. Na wakala anaweza kuwa msafirishaji bila kumiliki hata baiskeli. Akijifunga kwa mkataba mmoja kuutoa mzigo Tabora na kuufikisha Hamburg, mwenye lori na mwenye meli wanakuwa watu wake, na makosa yao ni yake.

Ankara itakupa dalili. Bei moja ya safari nzima huelekea kwa msafirishaji; nauli ya lori, nauli ya meli na ada ya wakala, kila moja kwenye mstari wake, huelekea kwa wakala wa kawaida. Lakini ubishi humalizwa na hati. Shirikisho la kimataifa la mawakala wa usafirishaji, FIATA, lina hati mbili ambazo wengi wetu huzichanganya. FCR inasema tu kwamba wakala amepokea mzigo wako ili autume. FBL ni bili ya shehena ya safari ya njia mchanganyiko, na anayeitoa amekubali kuwajibika kama msafirishaji kwa barabara na bahari pamoja. Mwaka juzi mimi nilipewa FCR, nikaiweka kwenye faili kwa furaha kabisa. Benki ya mnunuzi ilikuwa inataka hati ya usafirishaji, ikaikataa.

Ukipewa FBL, usome kisanduku cha mahali pa kupokelea mzigo. Kiandikwe Tabora. Kikiwa kitupu, na bandari ya kupakilia ikiwa Dar es Salaam, wakala ana nafasi ya kudai kwamba dhamana yake ilianzia bandarini, na kipande kirefu cha barabara kinabaki kati yako na mwenye lori.

Kisha hesabu ya magunia, ambayo ndiyo wengi huidharau. Fidia chini ya FBL ina kikomo: kwa safari yenye kipande cha bahari ni vizio 666.67 kwa kila kifurushi au vizio 2 kwa kilo ya mzigo uliopotea, kinachozidi kati ya hivyo viwili. Kizio ni kipimo cha fedha cha IMF, chenye thamani inayozidi kidogo dola moja ya Marekani. Tuseme umepakia magunia 400 ya nta, kila moja kilo 50, na 30 yamepotea. Hizo ni kilo 1,500, na kwa bei ya mfano ya dola 8 kwa kilo, umepoteza dola 12,000. Hati ikitaja magunia 400, kila gunia ni kifurushi, na kikomo cha magunia 30 ni vizio 20,000. Hasara yako yote inaenea humo. Hati ikisema “kontena moja la nta”, kifurushi ni kontena zima. Hapo unarudi kwenye uzito, yaani vizio 3,000, kama dola 4,000 hivi. Mzigo ni uleule na wizi ni uleule.

Kwa hiyo mtu wa wakala awepo mnapopakia, ahesabu nanyi, na namba ya lakiri iingie kwenye hati. Mkipakia peke yenu na kufunga, ataandika kwamba idadi ni kwa maelezo ya mpakiaji, na lakiri ikifika nzima mtapata tabu kuthibitisha kwamba magunia hayakupungukia ghalani kwenu. Bima ya mzigo mkate hata hivyo, maana haifuati vikomo hivi.

Mwisho, mwambie mnunuzi siku zake mapema. Upungufu unaoonekana auandike palepale anapopokea. Usioonekana kwa macho, ndani ya siku 6 mfululizo, la sivyo itachukuliwa kwamba mzigo ulifika salama hadi athibitishe vinginevyo. Kesi isipofunguliwa ndani ya miezi 9, dai limekufa. Na aipige picha lakiri kabla ya kuikata.