Somo: Kushona joho la mvua la kiti mwendo cha umeme

Koti la kawaida la mvua hukatwa kwa ajili ya mtu aliyesimama, ndiyo maana mtu aliyeketi akilivaa, maji hutiririka kutoka kifuani hadi mapajani na yale ya mgongoni huishia kwenye mto wa kukalia. Mto ukilowa, ngozi hukaa na unyevu kwa saa nyingi, na kwa asiyehisi makalio yake huo ni mwanzo wa kidonda. Kwa hiyo kabla ya kukata kitambaa, amua kwanza maji yatokee wapi.

Hatua ya kwanza ni vipimo, navyo huchukuliwa mhusika akiwa ameketi kwenye kiti chake, miguu ikiwa juu ya vikanyagio. Kwa mteja wangu wa Chumbageni, hapa Tanga, kutoka shingoni hadi kiunoni nilipata sentimita 45, kiunoni hadi magotini 50, na magotini hadi kifundo cha mguu 45. Jumla ni 140, nikaongeza 15 za kufunika vidole na kukunja pindo. Upana wa kiti kutoka nje ya egemeo moja la mkono hadi nje ya jingine ulikuwa 60, nikaacha 20 zining'inie kila upande. Usizidishe hapo, kwa sababu kitambaa kikifika kwenye gurudumu huvutwa na kumkaba mvaaji shingoni. Kwa sababu hiyohiyo, shingoni funga kwa velkro inayoachia ikivutwa, kamwe si kwa kamba.

Nyuma, joho lipite juu ya egemeo la mgongo na kushuka kwa nje sentimita 35. Lisiingie kati ya mgongo wa mtu na kiti, kwani hapo ndipo maji yanapopata njia ya kufika kwenye mto.

Sehemu inayohitaji uangalifu mkubwa ni kijiti cha kuendeshea. Kitambaa kilichotulia juu yake kinaweza kukisukuma, na kiti kikaondoka bila mwenyewe kukusudia. Kata ubavu wa dumu la plastiki la lita 5 ili upate kipande kilichopinda, lainisha kingo zake kwa msasa, kisha kifunge kwenye egemeo la mkono kiwe paa juu ya kijiti, kikiacha nafasi ya kutosha kiganja kuzunguka pande zote. Juu ya paa hilo, shona kwenye joho dirisha la plastiki angavu la sentimita 30 kwa 25, ili mkono ubaki ndani mkavu na macho yaone taa za kiti. Plastiki ya dumu isipopitisha mwanga vizuri, toboa katikati yake uwazi mpana, uache kingo tu za kubeba joho.

Katika kushona, tumia mshono mrefu wa milimita 4, kwa kuwa matundu yaliyokaribiana huchanika kama karatasi. Usibane kwa pini, tumia vibanio vya nguo, kwani kila tundu la pini huvuja. Kunja mshono mara mbili, kisha upake gundi ya kuzuia maji kwa ndani.

Mwisho, jaribu kabla ya masika. Zima kiti, tandika gazeti kavu juu ya mto na chini ya kijiti, mtu mwingine akae, kisha mwagia maji kwa ndoo yenye matundu kwa dakika 10. Doa kwenye gazeti litakuonesha mshono unaovuja.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo fundi. Mimi ni wa Makorora. Maji yanajaa mapajani kama bwawa, nifanye nini?*

Marahaba. Kitambaa kimelegea kati ya magoti. Weka ubao mwepesi mapajani, ulioinuka kidogo upande wa tumbo, na ushone lastiki kwenye pindo la mbele ipite chini ya ncha za vikanyagio. Hakikisha haigusi magurudumu madogo ya mbele yanapogeuka.

*Joto la hapa kwetu je? Mama yangu hutoka jasho hadi nguo zinalowa.*

Jasho hulowesha sawa na mvua. Acha pande zote mbili wazi chini ya egemeo la mkono, na ukate tundu la hewa mgongoni lililofunikwa na kipande kinachoning'inia. Mvua ikikatika, avue mara moja.

*Kijiti kikishalowa, naweza kuchaji kiti usiku huo?*

Hapana. Katika viti vingi tundu la kuchajia limo kwenye kisanduku kilekile cha kijiti. Zima kiti, futa, kiache kivulini penye upepo hadi kikauke kabisa, wala usikianike juani. Kagua pia mpira ulio kwenye shina la kijiti, kwa maana ukiwa na ufa, maji huingia humo hata chini ya joho zuri, nao unapaswa kubadilishwa kwanza.