Ndege wa kubandika angani: waangalie na tanga

Wale mnaopiga picha za madau pale Shela, Lamu, halafu anga inatoka tupu, mkitaka kuweka membe tumieni mtu aliye ndani ya dau kama kipimo. Membe akitanua mbawa anafika kama mita moja, kwa hiyo kama mtu aliyesimama ana pikseli 60, membe anayeruka karibu na mlingoti mpe kama 35 hivi, ukimzidisha anakuwa tai. Wa mbali wapunguze na uwafifishe kidogo, rangi ikaribie ya anga.

Halafu tizama tanga. Likivimba kuelekea kushoto ujue upepo watoka kulia, na membe anayeelea palepale hukabili upepo, basi mdomo uwe kulia. Ukimgeuza na mwanga wake unageuka, hapo ndo wengi wanaumbuka, jua liko huku na tumbo linang'aa kule.

Motion Blur ya Photoshop usiipake ndege mzima, yanayotikisika zaidi ni mbawa tena nchani, juu na chini, kwa hivyo Angle iwe karibu 90, Distance pikseli 3 tu, kisha futa kichwani na kiwiliwilini. Na kama picha ulipiga kwa 1/2000 ya sekunde achana na Motion Blur kabisa, kasi hiyo hugandisha hata mbawa.