Harufu ya kuungua, soketi yenye joto na taa zinazopepesa: lini uzime swichi kuu

Wengi wetu hukaa na harufu ya kuungua siku nyingi kwa sababu breka haijajikata, wakiamini kwamba hatari ingekuwepo breka ingeiona. Dhana hiyo si sahihi. Breka hupima mkondo unaopita ndani yake, na haina namna ya kujua joto la soketi iliyo jikoni. Birika la umeme la wati 3000 kwenye umeme wetu wa volti 240 huvuta ampea 12.5, na breka ya soketi, ambayo kwa kawaida ni ya ampea 32, huuona mkondo huo kuwa wa kawaida. Lakini skrubu ya soketi ikilegea kiasi cha kupoteza volti 4 tu pale waya unaposhikwa, joto linalozalishwa hapo ni 4 mara 12.5, yaani wati 50. Hilo ni joto la pasi ya kulehemu redio, limefungiwa nyuma ya kifuniko cha plastiki, na chai bado inachemka kama kawaida.

Hapa Mombasa viungio hulegea na kuota kutu mapema. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, na katika nyumba za mawe ya matumbawe za Mji wa Kale ukuta wenyewe mara nyingi huwa na unyevu. Kwa hiyo dalili zifuatazo zichukuliwe kwa uzito hata kama nyaya zenu si za zamani sana.

Hatua ya kwanza: tambua harufu. Mpira wa waya ukiungua hutoa harufu kali inayowasha pua. Plastiki ngumu ya soketi, swichi na plagi, ikipata joto kupita kiasi, mara nyingi hutoa harufu inayofanana na ya samaki au mkojo, na hapo ndipo watu wa pwani hupotea njia. Katika nyumba moja ya kupanga huko Tononoka, wenyeji walisikia harufu ya samaki jikoni karibu kila magharibi ya Ramadhani. Jaa la taka likamwagwa, friji ikasafishwa, sinki likatiwa dawa, na harufu ikarudi. Kilichosaidia ni kuuliza harufu inakuja saa ngapi badala ya inatoka wapi: ilianza muda mfupi baada ya birika na kikaangio cha umeme kuwashwa pamoja kwenye ekstensheni moja, na ilitoweka futari ilipokwisha. Vyombo vile viwili vilipitisha mzigo wote katika plagi moja ya ampea 13. Plagi ilipochomolewa baada ya umeme kuzimwa, tundu la kulia la soketi lilikuwa na duara la kahawia, na pini yake ilikuwa imepoteza mng'aro. Tundu hilo, ukiitazama soketi kwa mbele, ndilo la waya wenye moto.

Harufu inayofuata saa za matumizi ya chombo fulani ni ya umeme mpaka ithibitike vinginevyo.

Hatua ya pili: pima joto. Mikono ikiwa mikavu, gusa kifuniko cha soketi kwa mgongo wa mkono, bila kutia kidole karibu na matundu. Chaja ya simu huwa na uvuguvugu wake, na plagi ya pasi iliyotumika muda mrefu inaweza kuwa na joto kidogo. Hayo si ya kutia hofu. Dalili mbaya ni joto linalokulazimisha kuondoa mkono, soketi yenye joto wakati soketi ya pili kwa mzigo uleule ni baridi, plastiki iliyobadilika rangi au kujikunja, na sauti ya kuchachatika. Ukisikia mchachatiko, usiguse kabisa.

Hatua ya tatu: angalia taa zipi zinapepesa. Ikiwa ni taa moja, tatizo mara nyingi ni balbu au kishikio chake. Ikiwa ni za chumba kimoja au zinazotumia breka moja, kuna kiungio kilicholegea katika njia hiyo, na breka yake izimwe mpaka fundi afike. Ikiwa ni nyumba nzima, jambo liko kwenye kisanduku cha breka, kwenye mita au nje kabisa. Hali mbaya kuliko zote ni taa kung'aa kupita kawaida, huku nyingine, zako au za jirani, zikififia. Hiyo huashiria kwamba waya wa nyutro wa laini umekatika au umelegea, na volti zinaweza kupanda kutoka 240 kuelekea 415. Usianze kuchomoa chombo kimoja kimoja. Zima swichi kuu mara moja.

Hatua ya nne: zima. Kwa joto lisilo la kawaida lakini lisilo na harufu, zima chombo, kisha breka ya soketi hiyo, na uache hivyo. Swichi kuu izimwe bila kusubiri ukiona moshi au cheche, ukisikia mchachatiko, ukinusa harufu usiyojua inakotoka, au taa ziking'aa kupita kiasi. Usichomoe plagi iliyoanza kuyeyuka, kwa kuwa inaweza kukatikia mkononi ikiwa bado ina umeme. Kisanduku cha breka chenyewe kikitoa moshi, usikiguse: toa watu nje na upige 999 au 112. Maji hayamwagwi kamwe kwenye kitu chenye umeme. Kumbuka pia kwamba swichi kuu haikati nyaya zinazotoka kwenye mita kuja kwake.

Maswali ya wanachama

*Shukran, fundi. Sisi ni wapangaji, na mita ziko chini ya ngazi ndani ya sanduku lenye kufuli. Funguo anazo mlinzi, na usiku hapatikani.*

Dada, tafuta kwanza kisanduku cha breka ndani ya nyumba yako, mara nyingi juu ya mlango; swichi yake kuu inatosha kwa hitilafu za ndani. Mwenye nyumba aombwe funguo ya pili ikae kwa mpangaji wa chini. Harufu ikitoka kwenye mita, usivunje lakiri. Pigia Kenya Power nambari 97771.

*Friji yangu ikianza kunguruma, taa hufifia kidogo kisha hurudi. Nizime?*

La, ikiwa ni mara moja na kwa muda mfupi. Mota ya friji huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida inapoanza. Ikiwa kufifia kumeongezeka kuliko zamani, au kunatokea friji ikiwa imetulia, viungio vya kisanduku vikazwe na fundi.

*Nikibadilisha soketi iliyoungua kwa mpya, mambo yamekwisha?*

Hayajakwisha, ndugu yangu, ikiwa utarudishia plagi ileile. Pini iliyoungua haishikani vizuri na soketi mpya, itaipasha joto na kuiharibu vilevile, kwa hiyo vyote viwili hutupwa. Waya nao hukatwa nyuma mpaka shaba ing'ae na mpira wake uwe laini; shaba nyeusi ikikazwa chini ya skrubu mpya itarudia joto. Kazi hiyo afanye fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, naye athibitishe kwa kipimo kwamba umeme umekatika kabla ya kufungua, kwa kuwa breka iliyoandikwa "jikoni" si lazima iwe ya jikoni.